Kutoka fomula iliyofupishwa hadi mchoro wa kiunzi: haidrojeni zisizolingana na jozi za elektroni zilizopotea

Lignokaini ni dawa ya ganzi ambayo daktari wa meno huidunga kwenye ufizi kabla ya kung'oa jino. Fomula yake iliyofupishwa huandikwa hivi:

(CH₃CH₂)₂NCH₂CONHC₆H₃(CH₃)₂

Mstari huu mmoja una karibu mitego yote inayowakwamisha wanafunzi wa sekondari ya juu na wa mwaka wa kwanza wa chuo wanapotakiwa kuugeuza kuwa mchoro wa kiunzi. Una mabano yenye tarakimu, una CO iliyojificha katikati, una naitrojeni mbili zisizofanana, na una pete. Kwa sababu hiyo nitautumia kama mfano mkuu, na kila dalili ya tatizo itapimwa juu yake.

Kanuni za mchoro wa kiunzi ni chache. Kila kona ya mstari na kila ncha isiyo na herufi ni atomu ya kaboni. Haidrojeni zilizoshikana na kaboni hazichorwi, bali msomaji huzihesabu mwenyewe kwa kujua kwamba kaboni hutaka bondi nne. Atomu nyingine zote, kama vile oksijeni, naitrojeni, salfa na klorini, huandikwa kwa herufi zake, na haidrojeni zilizoshikana nazo huandikwa pia. Atomu hizi zisizo kaboni wala haidrojeni nitaziita atomu ngeni. Jozi pweke za elektroni, yaani zile ambazo hazimo ndani ya bondi yoyote, kwa kawaida hazichorwi, lakini zipo na hupatikana kwa hesabu.

Kabla ya kugusa kalamu ya kuchorea, jumlisha atomu za fomula na uandike jumla hiyo pembeni mwa karatasi. Kwa lignokaini, kaboni ni 4 za matawi mawili ya CH₃CH₂, 1 ya CH₂, 1 ya CO, 6 za pete na 2 za CH₃ zilizo kwenye pete, jumla 14. Haidrojeni ni 10, kisha 2, kisha 1 ya NH, kisha 3 za pete, kisha 6, jumla 22. Naitrojeni ni 2 na oksijeni ni 1. Kwa hiyo C₁₄H₂₂N₂O ndiyo kipimo chetu katika yote yanayofuata.

## Dalili ya kwanza: haidrojeni za mchoro hazilingani na za fomula

Hili ndilo lalamiko linalosikika zaidi, na jambo zuri ni kwamba ukubwa wa tofauti yenyewe huonyesha kosa lilipo. Usianze kuhesabu upya kila kona. Angalia kwanza umezidisha au umepunguza kiasi gani.

Sababu inayotokea mara nyingi kuliko zote ni ncha za mistari. Mwanafunzi anachora mnyororo wa kaboni tatu kwa mistari mitatu, kana kwamba kila mstari ni kaboni moja, ilhali mistari mitatu ina kona mbili na ncha mbili, na hizo ni kaboni nne. Mnyororo wazi wa kaboni tatu huchorwa kwa mistari miwili tu. Utalitambua kosa hili kwa alama yake: mchoro umezidi kwa kaboni 1 na haidrojeni 2 kamili, au umepungua kwa kiasi hicho hicho. Ukiona tofauti ya CH₂, nenda moja kwa moja kwenye ncha, wala usipoteze muda kwenye pete.

Sababu ya pili ni bondi maradufu au pete iliyosahauliwa. Alama yake ni haidrojeni 2 zilizozidi huku kaboni zikiwa sawa. Ukichora pete ya lignokaini yenye bondi maradufu mbili badala ya tatu, kona mbili zilizopoteza bondi zitachukua haidrojeni moja moja, na jumla itakuwa 24. Ukitaka kujua mapema molekuli inahitaji bondi maradufu na pete ngapi kwa pamoja, chukua idadi ya kaboni mara mbili, ongeza 2, ongeza idadi ya naitrojeni, toa idadi ya haidrojeni, kisha gawanya kwa 2. Oksijeni haiingii katika hesabu hii, na klorini au halojeni nyingine yoyote huhesabiwa pamoja na haidrojeni. Kwa lignokaini ni 28 + 2 + 2 − 22, yaani 10, na nusu yake ni 5. Pete yenyewe ni moja, bondi maradufu ndani yake ni tatu, na ya tano ni ile iliyo kati ya kaboni na oksijeni. Hakuna nafasi ya nyingine.

Sababu ya tatu ni kona za pete zenye matawi. Fomula inasema C₆H₃, maana yake kona tatu za pete zina haidrojeni moja moja na kona tatu hazina kabisa, kwa kuwa nafasi zao zimechukuliwa na matawi. Simama kwenye kila kona na uhesabu mistari inayoigusa, bondi maradufu ikihesabiwa mbili, kisha toa katika nne. Kona ya pete isiyo na tawi ina mstari mmoja upande mmoja na miwili upande wa pili, jumla tatu, hivyo ina haidrojeni 1. Kona yenye tawi imetimiza nne, hivyo haina. Wengi huzipa kona zote sita haidrojeni kwa mazoea ya kuiona benzini ikiwa peke yake, na jumla yao huzidi kwa 3.

Sababu ya nne ni nadra zaidi, lakini ni ya hatari kwa sababu jumla haiwezi kuifichua. Chukua mabano ya mwanzo, (CH₃CH₂)₂N. Maana yake ni matawi mawili ya kaboni mbili mbili, kila moja limeshikana na naitrojeni ile ile. Mtu asiyeyasoma mabano vizuri huchora mnyororo mmoja wa kaboni nne unaoishia kwenye naitrojeni. Naitrojeni hiyo sasa ina majirani wawili tu, na akiikamilisha kwa kuiandika NH, mchoro wake utakuwa na kaboni 14 na haidrojeni 22 sawasawa. Hesabu imekubali, lakini molekuli ni nyingine kabisa. Kwa hiyo jumla inayolingana isichukuliwe kuwa ushahidi wa kutosha. Baada ya kujumlisha, rudi kwenye kila atomu ngeni na uulize ina majirani wangapi wa kaboni ndani ya fomula, na kama mchoro unaonyesha idadi hiyo hiyo. Naitrojeni ya kwanza ya lignokaini ina majirani watatu wa kaboni na haina haidrojeni. Ya pili ina majirani wawili wa kaboni na haidrojeni moja.

## Dalili ya pili: kaboni ina bondi tano, au oksijeni imejipenyeza pasipo pake

Hapa chanzo karibu siku zote ni namna ya kusoma CO, CHO, COO na CN. Fomula iliyofupishwa huandikwa kwa mstari ulionyooka, lakini molekuli haikunyooka, na si kila herufi inayofuata nyingine imeshikana na ile iliyo mbele yake.

Tazama kipande CH₂CONH cha lignokaini. Msomaji wa haraka huchora kaboni, kisha kaboni, kisha oksijeni, kisha naitrojeni, zote katika mnyororo mmoja. Ubaya wa mchoro wa kiunzi ni kwamba haulalamiki. Kaboni ya katikati, ambayo fomula haikuipa haidrojeni hata moja, sasa imekuwa kona ya kawaida yenye mistari miwili, na kona yoyote yenye mistari miwili hujijaza haidrojeni mbili bila kuuliza. Mchoro unaonekana safi kabisa, na kosa linaonekana tu ukijumlisha: haidrojeni zimekuwa 24.

Njia ya kuaminika ni kupita kaboni moja baada ya nyingine kutoka kushoto kwenda kulia, na kuiuliza kila moja maswali matatu: ina haidrojeni ngapi kwa mujibu wa fomula, ina majirani wangapi, na imebakiwa na bondi ngapi ambazo hazijatumika. Kaboni ya CO haina haidrojeni. Kushoto kwake iko CH₂, basi bondi moja imetumika. Ikiwa oksijeni imekaa kati yake na naitrojeni, kaboni itakuwa imetumia bondi mbili tu, na hakuna haidrojeni ya kuziba pengo la mbili zilizobaki. Pengo hilo hutoweka tu ikiwa oksijeni inaning'inia pembeni kwa bondi maradufu na kaboni yenyewe imeshikana moja kwa moja na naitrojeni. Kwa hiyo bondi zake ni moja kwa CH₂, mbili kwa oksijeni na moja kwa naitrojeni, jumla nne. Kuanzia hapo huhitaji kukariri kwamba hiki ni kikundi cha amaidi, kwa sababu hesabu imekupeleka penyewe.

Hoja hiyo hiyo huondoa utata wa CHO. Katika CH₃CHO, herufi H ya pili imeandikwa baada ya kaboni na kabla ya oksijeni, kwa hiyo ni mali ya kaboni. Oksijeni imebaki na jirani mmoja na hufunga bondi maradufu. Hii ni aldehaidi. Ingekuwa alkoholi, H ingeandikwa baada ya O, kama katika CH₃CH₂OH. Kanuni ya jumla ni kwamba haidrojeni ni ya atomu iliyotangulia, isipokuwa pale H inapoanza fomula au kikundi, kama katika HOCH₂CH₃ au H₂NCH₃, ambapo ni ya atomu inayofuata.

Esta zinahitaji uangalifu wa peke yake kwa sababu huandikwa kwa pande zote mbili. CH₃COOCH₃, CH₃OCOCH₃ na CH₃OOCCH₃ ni molekuli moja. Ile ya tatu ndiyo inayowatega wengi, kwa kuwa wanaona oksijeni mbili zimefuatana na kuzishikanisha. Uliza maswali yale yale matatu kwa kaboni inayofuata OO: haina haidrojeni, kulia ina CH₃, na imebakiwa na bondi tatu. Bondi tatu hizo hugawanywa kwa oksijeni mbili, moja kwa bondi maradufu na nyingine kwa bondi moja, na ile ya bondi moja ndiyo inayounganisha na CH₃ ya kushoto. Oksijeni mbili zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe zipo katika peroksaidi, lakini kama kuna kaboni pembeni yenye bondi zisizotumika, soma kwanza kama esta.

Kikundi CN kilicho mwishoni, kama katika CH₃CN, kina bondi tatu kati ya kaboni na naitrojeni, na hapo mistari ichorwe ikiwa imenyooka, bila kona kati ya kaboni hizo mbili na naitrojeni. Ukikunja hapo hujakosea hesabu, ila umelichora umbo lisilo la kweli.

Sasa lignokaini yenyewe inaweza kuchorwa. Andika N. Kutoka kwake toa mstari wa kwanza wenye kona moja na ncha moja, kisha wa pili kama huo. Hayo ni matawi mawili ya kaboni mbili mbili. Toa mstari wa tatu hadi kwenye kona, ambayo ni CH₂, endelea hadi kona nyingine, na juu ya kona hiyo weka O kwa bondi maradufu. Kutoka kona hiyo hiyo nenda hadi NH, iliyoandikwa pamoja na H yake. Kutoka NH nenda hadi kona ya pete yenye pande sita, weka bondi maradufu tatu zinazopishana, kisha toa mstari mfupi kwenye kila mojawapo ya kona mbili zinazopakana na ile iliyoshikana na NH. Hesabu kona na ncha zisizo na herufi: ncha nne, kona tatu za CH₂, kona moja ya CO, na kona sita za pete. Jumla ni 14, kama ilivyotakiwa. Haidrojeni zilizofichika ni 12 za ncha nne, 6 za kona tatu za CH₂ na 3 za pete, jumla 21, na ya 22 ni ile iliyoandikwa wazi kwenye NH.

## Dalili ya tatu: jumla imepungua kwa haidrojeni moja, na kaboni zote ziko sawa

Pungufu ya haidrojeni 1 pekee karibu siku zote iko kwenye atomu ngeni. Sababu kuu ni kuandika N badala ya NH, au O badala ya OH, kwa dhana kwamba haidrojeni zote hufichwa. Zinazofichwa ni za kaboni tu. N iliyochorwa na mistari miwili bila H na bila chaji ni mchoro usiokamilika.

Wanaochora kwa kompyuta wajihadhari hapa, kwa sababu programu nyingi za kuchora molekuli hujaza haidrojeni za naitrojeni na oksijeni zenyewe, na mwanafunzi huona NH kwenye skrini bila kuwa ameifikiria. Siku ya mtihani wa karatasi kosa hujitokeza. Mimi hupendekeza mchoro ufanywe kwanza kwa mkono, haidrojeni zihesabiwe, ndipo kompyuta itumike kuhakiki.

## Dalili ya nne: jozi pweke hazitimii

Hapa ndipo penye makosa mengi yanayodumu hadi chuoni, na ndipo panapostahili muda mwingi zaidi.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni kudhani kwamba kisichochorwa hakipo. Mchoro wa kiunzi huacha jozi pweke kwa sababu ile ile unayoacha haidrojeni za kaboni: kila msomaji anaweza kuzihesabu. Chukua elektroni za valensi za atomu, toa idadi ya bondi zake, toa chaji yake pamoja na alama yake, kisha gawanya kwa 2. Oksijeni ina elektroni 6 za valensi. Yenye bondi mbili na isiyo na chaji hubaki na 4, yaani jozi 2. Naitrojeni ina 5. Yenye bondi tatu hubaki na 2, yaani jozi 1. Klorini ina 7. Yenye bondi moja hubaki na jozi 3.

Sababu ya pili ni kuihesabu bondi maradufu kama moja. Mtu anaona oksijeni ya C=O imeshikwa na jirani mmoja, anatoa 1 katika 6 na kupata 5, namba ambayo haigawanyiki kwa 2, kisha anabahatisha jozi 3. Kila unapopata elektroni zisizo shufwa kwenye molekuli ya kawaida, simama hapo hapo, kwa sababu umekosea bondi au chaji. Usiendelee kwa kubahatisha.

Kwa lignokaini basi, naitrojeni ya kwanza ina jozi 1, naitrojeni ya NH ina jozi 1, na oksijeni ina jozi 2. Jumla ni jozi 4. Jibu hili linaweza kuhakikiwa kwa njia isiyotegemea kabisa ile ya kwanza. Jumlisha elektroni zote za valensi: kaboni 14 mara 4 ni 56, haidrojeni ni 22, naitrojeni 2 mara 5 ni 10, oksijeni ni 6. Jumla ni 94, yaani jozi 47. Halafu hesabu bondi. Atomu ni 39. Molekuli isiyo na pete ina bondi za kuunganisha pungufu ya atomu zake kwa moja, na kila pete huongeza moja, hivyo hapa ni 38 na 1, jumla 39. Ongeza bondi za pili zilizo ndani ya bondi maradufu nne, yaani tatu za pete na moja ya C=O, upate 43. Jozi 47 ukitoa bondi 43 zinabaki 4. Zimelingana. Hesabu hii huchukua dakika mbili na haijali umechora vipi, na ndiyo maana naiamini kuliko kuangalia mchoro kwa macho.

Sababu ya tatu ni chaji. Ndani ya chupa ya sindano, lignokaini huwa katika hali ya chumvi yake ya haidrokloraidi, kwa sababu chumvi huyeyuka majini vizuri zaidi. Protoni ya asidi imeshikana na naitrojeni moja, na fomula ya jumla sasa ni C₁₄H₂₃ClN₂O. Naitrojeni hiyo ina bondi nne. Elektroni 5 kutoa bondi 4 kutoa chaji +1 ni sifuri, kwa hiyo haina jozi pweke tena. Jozi iliyokuwa nayo ndiyo iliyogeuka kuwa bondi na haidrojeni. Ni lazima H hiyo iandikwe na alama ya + iwekwe kwenye naitrojeni yenyewe, si pembeni mwa mabano. Klorini imesimama peke yake kama Cl⁻: elektroni 7, bondi 0, na kutoa −1 ni kuongeza 1, hivyo ni 8, yaani jozi 4.

Wengi huuliza protoni huenda kwenye naitrojeni ipi, kwani zote mbili zina jozi moja. Huenda kwenye ile yenye matawi matatu ya kaboni. Jozi ya naitrojeni ya NH imevutwa kuelekea C=O iliyo jirani nayo na inashirikiwa na kikundi kizima cha amaidi, kwa hiyo haiko tayari kupokea protoni. Baadhi ya wanafunzi wakishaelewa hivyo huvuka mpaka na kuandika kwamba naitrojeni ya amaidi haina jozi pweke. Katika mchoro huo, ambamo C=O ina bondi maradufu na NH haina chaji, jozi ipo na huhesabiwa. Utayari wake wa kupokea protoni ni swali jingine.

Sababu ya nne ni kikundi cha naitro, NO₂. Katika CH₃NO₂, naitrojeni yenye bondi maradufu kwa oksijeni zote mbili ingekuwa na bondi tano, jambo ambalo naitrojeni haiwezi. Mchoro sahihi unaipa naitrojeni chaji +, oksijeni moja bondi maradufu na jozi 2, na oksijeni nyingine bondi moja, chaji − na jozi 3. Naitrojeni yenyewe haina jozi. Elektroni zote ni 4 + 3 + 5 + 12, yaani 24, au jozi 12. Bondi ni 7, na jozi pweke 5 zinatimiza hesabu.

Salfa na fosforasi zinaweza kuwa na bondi zaidi ya idadi hizi za kawaida, na misombo yenye boroni au metali ina kanuni zake. Ukikutana na mojawapo ya hizo, usilazimishe hesabu ya hapa itimie. Mpelekee mwalimu wa kemia au mkemia fomula kamili, pamoja na chaji kama imetajwa.

## Dalili ya tano: michoro miwili tofauti, na yote inakubali hesabu

Mara nyingine kila kitu kimehakikiwa, bado wanafunzi wawili wana michoro isiyofanana. Kabla ya kushtuka, geuza karatasi. Michoro ya kiunzi inayotofautiana kwa kugeuzwa, kwa upande ambao kona zenye bondi za mojamoja tu zimeelekea, au kwa mahali bondi maradufu za pete zilipoanzia kupishana, ni molekuli ile ile. Fuata majirani wa kila atomu kwa mpangilio. Wakilingana, hakuna tatizo.

Wasipolingana, huenda fomula yenyewe haikutosha. C₆H₃(CH₃)₂ inasema kuna CH₃ mbili kwenye pete, lakini haisemi ziko wapi. Ukiiita kona iliyoshikana na NH namba 1, CH₃ hizo zinaweza kukaa 2 na 3, 2 na 4, 2 na 5, 2 na 6, 3 na 4, au 3 na 5. Hizo ni molekuli sita tofauti zenye fomula moja, jumla moja ya haidrojeni na jozi pweke zile zile. Lignokaini ni ile ya 2 na 6, na nimeichora hivyo hapo juu kwa kuwa jina la dawa lilitajwa. Aliyepewa fomula pekee bila jina hana namna ya kuipata kwa hesabu. Vivyo hivyo C₃H₇ inaweza kuwa mnyororo ulionyooka au uliotawi, na C₄H₉ ina maumbo manne.

Hapa ndipo pa kuacha kuchora na kutafuta habari iliyokosekana. Tafuta jina kamili lenye namba za nafasi, au andiko la SMILES, ambalo hutaja kila jirani bila utata. La lignokaini ni hili:

```
CCN(CC)CC(=O)Nc1c(C)cccc1C
```

Ukilibandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha PubChem, hifadhidata ya kemikali iliyo mtandaoni, utapata ukurasa wa dawa hiyo pamoja na mchoro wake na fomula C₁₄H₂₂N₂O, ambayo utailinganisha na jumla uliyoandika pembeni mwa karatasi.

Fomula iliyofupishwa ya kawaida pia haisemi lolote juu ya mkono wa kulia au wa kushoto wa molekuli. Lignokaini haina kaboni yenye matawi manne tofauti, hivyo hilo haliisumbui. Bupivakaini, dawa nyingine ya ganzi ya ukoo huo huo, inayo moja, na aina yake ya mkono mmoja huuzwa kama dawa ya peke yake kwa jina la levobupivakaini. Ukitakiwa kuchora mojawapo kwa mistari ya kabari na ya vipande, usichague upande kwa kubahatisha. Mwulize aliyekupa swali.

Onyo la mwisho linawahusu wanaotoa mchoro daftarini na kuupeleka kwenye mizani ya maabara au ya famasia. Mchoro wa lignokaini tupu unatoa uzito wa molekuli wa 234.3. Haidrokloraidi yake ni 270.8, na ikiwa imebeba molekuli moja ya maji ni 288.8. Kopo likiwa limeandikwa jina la dawa tu, bila kutaja ni hali ipi kati ya hizo tatu, hakuna hesabu ya haidrojeni wala ya jozi pweke itakayokuambia umeshika ipi. Usipime chochote kabla mfamasia au mkemia mwenye dhamana hajasoma lebo na cheti cha uchambuzi cha kopo hilo.